Dola za Shemeji

Kuna adhabu ambayo hakuna hakimu anayeitoa ila jamaa zako: kuwa mtu aliyewahi kufundisha hesabu. Mimi nilifundisha shule ya msingi hapa Mombasa mpaka nikachoka, nikaacha, nikadhani nimepona. Kumbe ukoo mzima ulikuwa unanisubiri. Bili ya maji naletewa mimi. Mirathi naitwa mimi. Na tangu mwaka 2024 nimekuwa kadhi wa kesi moja isiyokwisha, baina ya dada yangu na mumewe, juu ya dola 5,000 ambazo hata harufu yake sikuinusa.

Tuanze na shangazi, maana yeye ndiye chanzo, ingawa atakana. Shangazi ni mtu wa sanduku. Mwaka 2022, dola ilipokuwa bado inauzwa sh117, alinunua dola 2,000 akiweka akiba ya Hija. Alitoa sh234,000, akazifunga kwenye leso, akazitia sandukuni chini ya udi, na habari za uchumi wa dunia akazifunga humo humo. Ikafika Januari 2024, magoti yakakataa safari na paa la nyumba likaanza kuvuja. Akaamua Hija isubiri, mabati yatangulie. Akaenda na leso yake kwenye duka la kubadilisha fedha, nalo likazinunua kwa sh158 kila dola. Akarudi na sh316,000.

Ziada ni sh82,000. Zigawe kwa sh234,000 alizotoa mwanzo na utapata asilimia 35. Mtu aliyekaa kwenye mkeka akimenya vitunguu alikuwa amewapiku watu wenye tai na kompyuta. Mimi nilijua mabati nayo yalikuwa yamepanda bei katika muda huo, kwa hiyo ile 35 haikununua mabati 35 zaidi kwa kila mia, lakini hilo sikulisema. Ungemwambia shangazi jambo kama hilo, ungenyimwa mahamri.

Shida ni kwamba shemeji alikuwepo akisikiliza.

Shemeji alikuwa ametoka kupokea kiinua mgongo chake, sh810,000 taslimu, na zilikuwa zinamuwasha. Na Januari ile nani hakuwa mtaalamu wa dola? Kila baraza la kahawa lilikuwa na gavana wake wa benki kuu. Hofu yenyewe haikuwa ya bure. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2, hati fungani iliyouzwa kwa wageni mwaka 2014, na siku yake ya kulipwa ilikuwa Juni 2024. Watu wakajiuliza serikali itazitoa wapi. Walioogopa wakanunua dola, dola ikapanda, na ilivyopanda ndivyo wengine walivyozidi kuogopa. Mwisho wa mwezi ikawa inazungukia sh160, na pale barazani palikuwa na mzee aliyeapa itafika 200 kabla ya Ramadhani. Ukimuuliza amejuaje, anapuliza kahawa.

Shemeji akaenda duka lile lile la shangazi, wiki ile ile, akanunua dola 5,000 kwa sh162. Pesa zote. Sitashangaa kama 2,000 kati ya hizo zilikuwa bado zinanukia udi.

Hapo ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopita mbio. Shangazi kauza kwa 158. Shemeji kanunua kwa 162. Siku hazikupishana sana na noti huenda ni zizo hizo. Zile sh4 za kila dola zimekwenda wapi? Zimebaki kwa kijana wa nyuma ya kioo, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea dola kwa mkono wa kulia na kuzitoa kwa mkono wa kushoto. Katika dola 2,000 za shangazi peke yake, ni sh8,000. Na ukutani kuna bango kubwa: hatutozi kamisheni. Naam, hawatozi. Kwa nini wahangaike kukutoza wakati umeshalipa?

Kijana wa duka simlaumu, ana kodi ya pango na mlinzi wa kulisha. Ninachokilalamikia ni lile bao la bei. Lina safu mbili, na zote zinasema kwa kinywa cha mwenye duka. Panapoandikwa wananunua, ndipo wewe unapouza. Panapoandikwa wanauza, ndipo unaponunua. Shemeji alisoma 158, akafurahi, akafika dirishani akadaiwa 162, akadhani bei imepanda akiwa kwenye foleni. Kwa hiyo akaharakisha.

Laiti angegeuka mlangoni akabadili nia, akazirudisha zote papo hapo, angepewa 158 kwa kila dola aliyoinunua 162. Gawa 158 kwa 162, unapata 0.975. Yaani robo tatu ya hatua mbali na dirisha, dola haijapanda wala haijashuka, na tayari asilimia 2.5 ya kiinua mgongo haipo. Ni sh20,000 kamili. Na asilimia hiyo haibadiliki ukiingia na dola 10 au dola 10,000. Ndiyo nauli ya kwenda na kurudi, na unailipa hata safari ikiwa ya kutazama mlango.

Hesabu nzima ya mambo haya ndiyo hiyo, na inanikera kwamba watu wanaitafutia uchawi. Chukua bei uliyouzia, igawe kwa bei uliyonunulia. Ikizidi moja umepata, ikipungua moja umepoteza, na kile kilichozidi au kupungua ukikizidisha kwa mia ndiyo asilimia yako. Wingi wa pesa haumo ndani. Bei ya dola ya kwenye taarifa ya habari nayo haimo, maana hiyo huwa iko katikati, na wewe hakuna siku utakayohudumiwa katikati. Zinazohesabika ni mbili tu: ya dirishani siku ile na ya dirishani siku hii.

Basi shemeji akatulia na dola zake, akawa kila asubuhi anasikiliza redio kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 kwa wageni, ikazitumia kununua sehemu kubwa ya lile deni la Juni kabla ya siku yake. Hofu ikapasuka kama puto. Mwezi huo huo ikauza hati fungani ya miundombinu ya shilingi, yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Iliomba bilioni 70, ikaletewa zaidi ya bilioni 280. Wageni nao wakaitamani, na mgeni hanunui hati ya shilingi kwa dola. Lazima kwanza auze dola zake. Dola zikamwagika sokoni, na kufikia mwisho wa Machi ile iliyokuwa 160 ilikuwa inachezea 131.

Nilimpigia shemeji simu. Akaniambia soko linavuta pumzi.

Likavuta pumzi Aprili. Likavuta Mei. Juni lile deni la kutisha likalipwa likaisha, na dola ikawa imeketi kwenye 129 kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda. Agosti ada za shule zikabisha hodi, na dada yangu akatoa amri. Dola zikatoka kabatini.

Siku hiyo bao lilisoma: wananunua 128, wanauza 131. Dola 5,000 kwa 128 ni sh640,000, na shemeji alikuwa ameshaikubali hesabu hiyo njiani, akiwa ameshika koti. Lakini mle ndani ya bahasha mlikuwa na dola 500 za noti ndogondogo, za ishirini na za kumi, kwa sababu Januari dola zilikuwa adimu na duka lilimpa lilichokuwa nacho. Kijana akazitenga pembeni kwa ncha ya kidole, namna mtu anavyotenga mchele wenye mawe. Hizi, akasema, ni sh122.

Shemeji akamwambia, "Mwanangu, ulizoniuzia ni hizi hizi, na uliniuzia kwa bei moja na zile kubwa."

"Kweli mzee. Kuuza ni bei moja."

"Na kununua?"

"Kununua inategemea noti."

Ni mtindo wa maduka mengi Afrika Mashariki nzima. Noti ndogo wanasema ni kazi kuhesabu na kusafirisha na wateja hawazipendi. Noti za miaka ya nyuma nazo hushushwa bei au hukataliwa kabisa, hata kama huko kwao zingali fedha halali. Kwa hiyo ukinunua dola za kuweka, dai mia mia na mpya, au usinunue. Shemeji hakudai. Akapokea sh576,000 kwa zile kubwa na sh61,000 kwa zile ndogo. Jumla sh637,000.

Zilizotoweka: sh173,000. Ukizigawa kwa 810,000 ni asilimia 21.4.

Na hapo ndipo kesi ilipoletwa kwangu, jioni, bila hata ya kuulizwa kama nimekula.

Dada yangu alifungua mashtaka akisema mumewe amepoteza asilimia 27. Mshtakiwa akajibu ni 21, na tena si 21, maana redio ilisema dola imeshuka asilimia 19 tu. Mtoto wao wa kidato cha tatu, ambaye hakuna aliyemwita, akasema gazeti limeandika shilingi imepanda asilimia 23. Pesa ni moja na asilimia ni nne. Dada akanigeukia: "Mwalimu, sema nani mwongo."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa mwongo.

Nikaanza na ya mtoto, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameshika penseli. Dola ilipotoka 160 ikaja 130, imepungua 30 katika 160, na hiyo ni asilimia 19 kasoro. Sasa igeuze uitazame kutoka upande wa shilingi. Zamani sh160 zilihitajika kupata dola, leo zinatosha 130, kwa hiyo shilingi ile ile inanunua dola nyingi zaidi, mara 160 gawa kwa 130, yaani 1.23. Shilingi imepanda asilimia 23. Ni mwendo mmoja, ila mmoja kapimwa kwa kugawa na 160 na mwingine kwa kugawa na 130. Mhariri anayeisifu serikali atachukua 23. Anayewahurumia wenye dola atachukua 19. Wote watalala usingizi mzuri.

Shemeji akarukia hapo. "Sasa redio yasema 19, mbona mimi nimekatwa 21 na zaidi?" Kwa sababu 19 ni ya bei ya katikati, ambayo nimeshasema hakuna anayehudumiwa nayo. Yeye alinunua juu ya katikati na akauza chini ya katikati, na kila upande ukamega asilimia moja na kitu. Kisha zile noti za kumi na ishirini zikaongeza sh3,000 nyingine. Soko lilimla sehemu kubwa, duka likalamba sufuria.

Ikabaki 27 ya dada. Yeye alikuwa amechukua zile sh173,000 akazigawa kwa sh637,000 zilizobaki. Mumewe akacheka, akasema hasara hugawanywa kwa mtaji, hata mtoto anajua. Nikamwambia asicheke. Kweli hasara ni 21, lakini hiyo 27 ya mkewe ndiyo kiasi ambacho hizo zilizobaki zinatakiwa kupanda ili zirudi kuwa 810,000. Ukishuka 21 hupandi 21 ukajikuta nyumbani, kwa kuwa unapandia ngazi fupi zaidi. Ukitaka hakika, chukua 637,000, ongeza asilimia 21.4 yake, na utakomea kwenye sh773,000 na ushei, bado uko mlango wa jirani. Dada akaketi vizuri zaidi kwenye kiti chake. Hakuwa amejua kwamba alikuwa amejibu swali jingine, lakini alilipokea jibu kama haki yake.

Nilitamani kesi iishe hapo. Lakini dada yangu ana rafiki wa chama, na rafiki huyo Februari ile alitia sh810,000 hizo hizo, au karibu yake, kwenye ile hati ya miundombinu. Sikutaka kuifanya hesabu. Nililazimishwa. Asilimia 18.46 kwa mwaka, inalipwa mara mbili, nusu ya kwanza ikaingia Agosti: kama sh74,800 mkononi, na mtaji wake bado umekaa serikalini. Kwa hiyo baina ya shemeji na mama wa chama hakukuwa na pengo la sh173,000 bali la karibu sh248,000, siku zile zile za Agosti. Kubadilisha pesa na kuzilaza kabatini kuna gharama hii isiyoandikwa kwenye bao lolote: riba ya huko ulikoziondoa. Dola ya kabatini haizai. Kwa mwaka mzima wa riba kama ile, dola ilitakiwa ipande zaidi ya asilimia 18, juu ya nauli ya dirishani, ndipo shemeji aseme wamelingana.

Shemeji akasema mama wa chama alibahatisha. Pengine. Lakini shangazi naye alibahatisha, na hilo yeye hakulisema alipokuwa anamwiga.

Nitamtetea kwa jambo moja, maana mimi si mtu wa kumwangusha mtu akiwa ameshaanguka. Kama zile dola 5,000 zingekuwa za kulipia kitu kinachouzwa kwa dola, Hija, matibabu ya India, gari la Japani, asingekuwa na hasara ya kuhesabu. Gari la dola 5,000 lilikuwa la dola 5,000 Januari na la dola 5,000 Agosti. Angejilaumu tu kwamba angesubiri angelipata kwa shilingi chache zaidi. Asilimia ya kwenda na kurudi inakuuma ukirudi. Asiyerudi haimfikii. Ila shemeji hakuwa na Hija, wala mgonjwa, wala gari. Alikuwa na redio.

Na yule mzee wa kahawa aliyeapa dola itafika 200? Huyo nilimkamata mwenyewe. Machi 2023 alinunua dola chache kwa 134, akatishika, akashangilia, akaota magari, na Machi 2024 akaziuza kwa 130. Mwaka mzima bei ya katikati ilizunguka dunia ikarudi palepale kwenye 132, yeye akatoka na hasara ya asilimia 3. Machi hiyo ya 2023, kwa kumbukumbu, Rais Ruto alikuwa amewaonya hadharani wanaoficha dola kwamba wataumia. Kisha dola ikapanda miezi kumi mfululizo huku walioonywa wakimcheka. Kuwa sahihi mapema mno ni jambo la kuudhi kuliko kukosea, na mzee anasema hivyo hivyo kuhusu ile 200 yake.

Nikadhani nimemaliza. Juzi shemeji kaja na wazo jipya. Zile zilizobaki baada ya ada anataka kuzigeuza riali za Oman. Ana binamu Maskati aliyemwambia riali haitikisiki. Nikamwambia ni kweli haitikisiki, kwa dola. Tangu mwaka 1986 riali moja imefungwa kwenye dola 2.60, ikatoka dola ikatoka riali, na mwaka ule dola ilipomwangukia yeye riali ilianguka nayo kwa asilimia ile ile. Atakuwa amenunua dola zilizovaa kanzu.

Akasema hata hivyo. Basi tukaenda dirishani, kwa sababu mimi ndiye mwalimu na mguu wangu hauna mwenyewe. Riali wanainunua 325, wanaiuza 345. Riali haina wateja wengi kama dola, kwa hiyo pengo lake ni pana. Nikagawa 325 kwa 345 kwa sauti: asilimia 5.8 imekwenda kabla hatujavuka barabara, na ili apate tu chake, ile 325 lazima ipande zaidi ya asilimia 6.

Shemeji akalitazama bao kwa muda mrefu. Kisha akainama kwenye tundu la kioo, akamuuliza kijana kwa sauti ya chini kama riali nazo zina noti ndogo.